Mwezi au Mwizi: Kidole, Sikio na Fimbo Vinavyofunzwa Kazi ya Jicho

Jicho hupokea mambo kwa mkupuo. Likitua kwenye ukurasa, linaona kichwa cha habari, aya, picha na namba ya ukurasa kwa pamoja, kisha ndipo linachagua pa kuanzia. Kidole hakiwezi hivyo. Sikio nalo haliwezi, wala ncha ya fimbo. Vyote vitatu hupokea kipande baada ya kipande, na mwenyewe ndiye anayeviunganisha kichwani. Aliyezaliwa haoni hukua na mwendo huo. Aliyepoteza kuona akiwa kidato cha pili ana mazoea ya jicho ya maisha yake yote, na makosa yake mengi ya mwanzo hutokana na kukitumia kidole, sikio au fimbo kama ambavyo angelitumia jicho.

Chukulia msichana wa aina hiyo, wa miaka 15, anayeishi Temeke. Alikuwa akisoma na kuandika vizuri, ana simu ya mkononi, na kati ya nyumbani na kituo cha daladala kuna mwendo wa dakika chache. Anatakiwa kurudi darasani, na mkufunzi wake ana mambo matatu ya kumfundisha.

La kwanza ni nukta nundu. Kila herufi hukaa katika chumba cha nukta sita: safu ya kushoto ina nukta 1, 2 na 3 kutoka juu kwenda chini, ya kulia ina 4, 5 na 6. Kati ya nukta na nukta pana kama milimita 2.5, kwa hiyo herufi nzima hutosha chini ya ncha ya kidole kimoja. Hapo ndipo ulipo ubora wa mfumo huu. Charles Barbier alikuwa na mfumo wa nukta 12, ambao ulizidi ukubwa wa ncha ya kidole. Louis Braille, mwanafunzi wa shule ya wasioona ya Paris, aliupunguza hadi nukta sita, na kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshaupata mfumo wake.

Kosa la kwanza la msichana wetu linaonekana siku ileile anayopewa karatasi. Kidole kinafika kwenye herufi, kinasimama, kisha kinaanza kusugua juu na chini. Anataka kuiona herufi, na jicho lilimzoeza kwamba kitu kisichoeleweka hukodolewa macho. Ngozi haifanyi kazi hivyo. Kidole kikitulia juu ya nukta, hisia hufifia. Kinachoiamsha ni kuteleza kutoka kushoto kwenda kulia bila kusita. Dalili ya pili iko kwenye kucha. Akikandamiza, nyama iliyo chini ya kucha hupauka kwa kukosa damu, na mkufunzi aliyekaa kando yake huliona jambo hilo kabla mwanafunzi hajasema kwamba amechoka. Kukandamiza hulaza nukta za karatasi na kukitia kidole ganzi.

Tiba yake ni kurudi nyuma kabla ya herufi. Kwa vipindi kadhaa hasomi neno lolote. Anafuata mistari mirefu ya nukta zinazofanana, mikono yote miwili ikiwa kwenye karatasi, na kazi yake ni kusema tu mahali mstari unapokatika. Mkono wa kulia unapoelekea mwisho wa mstari, wa kushoto unashuka kuutafuta mstari unaofuata. Wengi huona zoezi hili ni la kitoto, na mkufunzi mwenye haraka huliruka. Kosa hilo hulipiwa miezi kadhaa baadaye, mwanafunzi anapojua herufi zote lakini anapotea kila anapohama mstari.

Herufi zenyewe hazifundishwi kwa mpangilio wa alfabeti. Alfabeti ingemletea d, e, f, h, i na j zikiwa karibu karibu, na hizo ndizo zinazomchanganya zaidi msomaji mpya, kwa kuwa ni pacha wa kioo. Herufi e ni nukta 1 na 5; i ni 2 na 4, yaani e iliyogeuzwa. Ndivyo zilivyo pia d na f, h na j, r na w. Katika Kiswahili e na i hutokea karibu kila sentensi, na kosa halijifichui kila mara. Msichana anasoma "mwizi alionekana juu ya mlima" na kuendelea, kwa sababu sentensi ina maana, ingawa karatasi imeandika "mwezi". Ndiyo maana mkufunzi huanza na herufi zilizo mbali kimaumbo, kama a yenye nukta moja, l yenye nukta tatu wima na g iliyojaa nukta nne, kisha huongeza moja moja. Pacha mmoja hufundishwa hadi kidole kikamtambua bila kusita, na wa pili hungoja wiki kadhaa.

Shida hiyo huongezeka kwenye kuandika. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ina vitufe sita vya nukta, kimoja kwa kila nukta, na nukta huinuka zikielekea juu, kwa hiyo mwandishi anaweza kuigusa kazi yake hapohapo. Lakini ni mashine nzito na ya bei kubwa. Sleti na stailasi ni rahisi kupatikana, ila stailasi hutoboa karatasi kutoka upande wa nyuma, kwa hiyo mwandishi huanzia kulia kwenda kushoto na kila herufi huigeuza. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba e ni "juu kushoto na kati kulia" atavurugika. Aliyejifunza kwamba e ni "1 na 5", na kwamba safu ya kwanza ni ile mkono unayokutana nayo mwanzo, hatapata taabu, maana safu ya kwanza hubaki ya kwanza hata inapohamia kulia. Maneno "kushoto" na "kulia" yanafaa kuachwa kabisa tangu somo la kwanza.

La pili ni programu ya kusoma skrini kwa sauti. Wakati kidole kikiendelea taratibu, simu humpa mafanikio ya haraka. Kwenye simu nyingi za Android, kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde tatu huwasha TalkBack, ikiwa njia hiyo ya mkato imeruhusiwa. Kuanzia hapo kugusa mara moja husoma jina la kitu, na kugusa mara mbili hukifungua. Jicho linarudi tena hapa: msichana anakumbuka kitufe cha WhatsApp kilikuwa upande gani, na kidole kinatangatanga kwenye kioo kukitafuta. Mkufunzi humzuia. Anamtaka ateleze kidole kulia, kitu kimoja baada ya kingine, hadi ajue mpangilio wa skrini kwa kufuatana kwake. Kukumbuka mahali kitu kilipo kutamsaidia baadaye, baada ya kuuzoea mpangilio.

Kwenye kompyuta, NVDA hupatikana bure, na kichocheo cha sauti cha eSpeak NG kinachokuja nayo kina Kiswahili. Lugha ya sauti ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili, "pole" hutamkwa "poul" na "wake" huwa "weik", na mwanafunzi hudhani masikio yake ndiyo mabovu. Kisha hufundishwa kuruka: katika ukurasa wa mtandao, herufi `H` humpeleka kwenye kichwa kinachofuata, na `Ctrl` hunyamazisha sauti. Kumbukumbu ya kuona inamfaa sana hapa. Anajua kichwa cha habari ni nini na kwa nini kipo, kwa hiyo hupitia vichwa vyote kwanza, kisha huchagua pa kusoma. Maelezo ya mwalimu yaliyopigwa picha na kutumwa hayamfikii, kwa kuwa programu hukuta picha na si maandishi.

Wapo wanaosema sauti inatosha na nukta nundu ni kupoteza muda. Hesabu inawakanusha. Mwalimu akisoma "a gawanya kwa b jumlisha c", msikilizaji hajui kama c iko chini ya mstari pamoja na b au iko nje. Jicho hulijua hilo mara moja, na kidole pia hulijua, kwa sababu kinaweza kurudi. T. V. Raman, Mhindi aliyepoteza kuona akiwa na miaka 14, alilishughulikia tatizo hilo katika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1994. Programu yake iliyoitwa AsTeR ilibadili sauti yenyewe kuonyesha umbo la fomula, kwa mfano kuipandisha inapofika kwenye kipeo. Baadaye, akiwa Google, alikuwa miongoni mwa walioanzisha TalkBack. Kwa darasa la kawaida la kidato cha pili, hata hivyo, njia ya uhakika ni fomula iliyoandikwa kwa nukta nundu.

La tatu ni fimbo nyeupe. Mbinu inayofundishwa leo ilitengenezwa na Richard Hoover katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Pili. Fimbo yake ilikuwa ndefu, ikifika karibu na mfupa wa kifua, kwa sababu kazi yake ni kutangulia na si kuegemewa. Mkono unakaa usawa wa kitovu, kifundo ndicho kinachocheza, na ncha inapiga kushoto na kulia kwa upana unaozidi mabega kidogo. Mguu wa kushoto unapokwenda mbele, ncha inagusa kulia, mahali utakapotua mguu wa kulia katika hatua inayofuata.

Mpangilio huo ukipotea, ncha hugusa upande uleule wa mguu unaokwenda mbele, na hatua inayofuata hutua mahali ambapo hapajakaguliwa. Mpita njia haoni tofauti. Mkufunzi anayetembea nyuma yake anaiona na kumsimamisha. Kosa jingine ni mkono kuhama kutoka katikati. Mwanafunzi aliyechoka huuacha uelekee ubavuni, upande mmoja unabaki wazi, na mwendo wake unaanza kupinda bila yeye kujua.

Njia ya kwenda kituoni ina mtaro wazi. Ncha inapozama, miguu husimama papo hapo. Anapima kina, kisha anavusha ncha hadi iguse ukingo wa ng'ambo, anaiacha pale imkumbushe upana, ndipo avuke. Tatizo kubwa zaidi liko juu. Fimbo hukagua ardhi, na haina habari na bodi ya nyuma ya lori lililoegeshwa wala kamba ya turubai la muuza mitumba. Katika vipande vya njia vyenye vitu hivyo anapunguza mwendo na kuinua mkono mwingine mbele ya uso, kiganja kikitazama nje. Mvua nayo humwondolea sauti za magari anazozitumia kujua barabara iko upande gani, kwa hiyo njia aliyoimudu wakati wa kiangazi hufundishwa upya masika.

Barabara kuu isiyo na taa za kuongozea magari havuki peke yake. Anafundishwa kuomba msaada na kuuelekeza: yeye ndiye anayeshika mkono wa msaidizi juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yake, ili asikie kwenye mkono ule msaidizi anaposhuka au kupanda ukingo. Msamaria mwema akimdaka fimbo au kumsukuma mgongoni, anasimama, anauondoa mkono wa msamaria huyo taratibu na kusema, "Samahani kaka, niache nikushike mimi."