Jedwali Tupu na Tone la Mwisho

Katika karatasi ya tatu ya kemia ya KCSE, ile ya vitendo, swali la taitresheni huja na jedwali tupu. Ndani yake mna nafasi ya kipimo cha mwisho cha bureti, kipimo cha mwanzo na ujazo uliotumika, na kila kimoja hujazwa mara tatu. Asiyelijua hulipita mbio akizikimbilia hesabu zilizo chini. Lakini alama 5 hulala papo hapo, kabla mtahiniwa hajaulizwa habari ya moli: 1 ya kulijaza jedwali lote, 1 ya kutumia desimali kwa namna moja, 1 ya usahihi, 1 ya kuchagua vipimo vinavyostahili kutafutiwa wastani, na 1 ya wastani wenyewe. Nimewatazama wanafunzi wa Kidato cha Nne wakilizoea jedwali hili kwa karatasi za miaka iliyopita, muhula baada ya muhula, na sijachoka kuwatazama.

Mazoezi mazuri huanza mikono ikiwa mifukoni. Mtihani huchukua saa mbili na robo, na katika dakika 15 za kwanza hairuhusiwi kugusa chombo chochote. Ni za kusoma tu. Kwa hiyo anayejizoeza vizuri huiweka karatasi ya zamani mbele yake na kuisoma kwa dakika hizo hizo 15, penseli mkononi. Anapigia mstari kitu kinachoingia kwenye bureti, kinachofyonzwa kwa pipeti, kiashirio kinachotumika na idadi ya matone yake. Kisha pembeni anaandika kwa ufupi: bureti C, pipeti B, 25. Akifanya karatasi kadhaa namna hii anaanza kuona kinachojirudia na kinachobadilika. Mwaka mmoja bureti ina asidi isiyo na rangi. Mwaka mwingine ina pamanganeti ya potasiamu, yenye zambarau nzito kiasi kwamba chini ya mbonyeo wa kimiminiko hapaonekani. Hapo kipimo husomwa kwenye ukingo wa juu, na kiashirio hakihitajiki kwa sababu rangi ya pamanganeti yenyewe ndiyo inayotoa habari.

Nichukue aina moja ya swali ambayo hurudi sana. Mtahiniwa anapewa solusheni A, asidi ya hidrokloriki, na solusheni B, kabonati ya sodiamu yenye gramu 5.3 katika kila lita. Anaambiwa achukue 25 cm³ za A kwa pipeti, azitie kwenye chupa ya ujazo ya 250 cm³, aongeze maji yaliyotoneshwa hadi kwenye alama, atikise vizuri, na auite mchanganyiko huo solusheni C. C inaingia kwenye bureti. Kisha 25 cm³ za B zinatiwa kwenye chupa ya koni pamoja na matone mawili ya methili oranji.

Kuosha vyombo ndiko kunakotenganisha aliyejizoeza na aliyesoma tu. Bureti huoshwa kwa maji, kisha husuuzwa kwa C kidogo, na hiyo C ikamwagwa. Pipeti iliyochukua A huoshwa kwa maji, kisha husuuzwa kwa B kabla ya kuipima B. Chupa ya koni husuuzwa kwa maji peke yake, na hata ikibaki na unyevu haidhuru. Sababu yake anayeielewa haisahau tena. Maji yaliyobaki kwenye bureti huipunguza nguvu asidi, kwa hiyo itahitajika nyingi zaidi. Maji yaliyobaki kwenye chupa ya koni hayaongezi wala hayapunguzi kabonati iliyotiwa humo kwa pipeti. 25 cm³ za B ni zile zile hata zikiogelea. Ila chupa ya koni ikisuuzwa kwa B, inabaki na kabonati ya ziada isiyopimwa na mtu, na vipimo vitapanda bila sababu kuonekana.

Bureti ikishajazwa, mwenye mazoea hufungua koki kwa nguvu kidogo na kuifunga, akitazama ncha iliyo chini yake. Anatafuta kiputo cha hewa. Kiputo kikibaki pale, kitatoka katikati ya kazi, asidi itaingia mahali pake, na bureti itaonyesha kwamba imetoa zaidi ya ilivyotoa. Dalili yake ni kipimo cha kwanza kuwa kikubwa ilhali cha pili na cha tatu vinakubaliana. Kisha faneli inaondolewa. Hili ni jambo dogo ambalo nimeliona likiwaharibia kazi wanafunzi hodari: faneli iliyoachwa juu hudondosha tone lake wakati wowote ipendao, na hakuna mahali pa kuliandika.

Sasa macho. Kimiminiko ndani ya bureti hubonyea katikati, na kipimo husomwa kwenye sehemu ya chini ya mbonyeo huo, jicho likiwa sawa nao kabisa. Mwanafunzi mfupi hupanda kigoda au huishusha bureti kwenye kishikizo chake. Mrefu hupiga magoti. Ukisoma ukiwa juu unapata namba ndogo kuliko iliyo kweli, kwa kuwa bureti huhesabu kutoka juu kwenda chini, na ukisoma kutoka chini unapata kubwa. Kosa hili lingefutika endapo mtu angekosea kwa namna moja mwanzo na mwisho. Tatizo ni kwamba kipimo cha mwanzo kiko karibu na sifuri, juu ya kichwa, na cha mwisho kiko karibu na kifua, kwa hiyo jicho lisilozoezwa hukosea huku na kule kwa njia tofauti. Zoezi hili halihitaji kemikali. Shuleni ambako asidi ni ya kuhesabu, fundi wa maabara huwapa wanafunzi bureti yenye maji ya mfereji, mmoja anafungua koki, wawili wanasoma kila mmoja kivyake, kisha wanalinganisha. Wakitofautiana kwa zaidi ya 0.1 wanarudia.

Maji hayo hayo yanafundisha kulitawala tone. Mkono wa kushoto huizunguka bureti kutoka nyuma na kushika koki kwa kidole gumba na vidole viwili, wa kulia ukizungusha chupa ya koni. Tone moja la bureti ni takriban 0.05 cm³, ndiyo maana vipimo huandikwa ama kwa desimali moja yote, ama kwa desimali mbili ambazo ya mwisho ni 0 au 5. Mwanafunzi anayeandika 24.53 anadai kuona kitu ambacho bureti haikuonyesha, na mtahini analijua hilo.

Taitresheni ya kwanza hufanywa kwa haraka kidogo ili kujua mwisho uko wapi. Ya pili na ya tatu ndizo za ustadi. Asidi inaachiwa itiririke hadi takriban 2 cm³ kabla ya mahali pale, kisha koki inabanwa na kazi inakuwa ya tone kwa tone. Kila tone linapoanguka kwenye manjano, huchora doa jekundu linalotoweka chupa ikizungushwa. Madoa yanaanza kuchelewa kutoweka. Hapo mwenye mazoea husimama, akaosha kuta za chupa kwa maji kutoka kwenye chupa ya kubinya, na kutazama upya juu ya kigae cheupe. Wengine huweka kando chupa nyingine yenye B na kiashirio ambayo haijaguswa na asidi, wapate manjano halisi ya kulinganisha nayo, kwa sababu jicho lililokodolea rangi moja kwa dakika tano huacha kuiamini. Likibaki nusu tone tu, tone linaachwa lining'inie kwenye ncha bila kuanguka, ukuta wa chupa unaligusa, na maji yanalisukuma ndani. Manjano yanageuka chungwa, na chungwa halirudi nyuma.

"Mwalimu, imeshika!" ndivyo wanavyosema, na koki tayari imefungwa.

Tuseme jedwali linasomeka hivi. Mara ya kwanza, kutoka 0.0 hadi 24.9. Mara ya pili, baada ya kujaza bureti tena, kutoka 0.0 hadi 24.5. Mara ya tatu, bila kujaza, kutoka 24.5 hadi 49.1, yaani 24.6. Vipimo vinavyotafutiwa wastani ni vile visivyopishana kwa zaidi ya 0.2, kwa hiyo 24.9 inaachwa nje na wastani ni 24.55. Wapo wanaozichanganya zote tatu kwa kuhurumia kazi yao, na wanaipoteza alama. Wapo pia wanaoigeuza namba ya mwisho kuwa ya mwanzo, au wanaoandika kipimo kilichopita 50 ilhali bureti yenyewe inaishia 50. Makosa hayo ya uandishi huadhibiwa hata kama asidi ilimiminwa vizuri.

Hesabu zinafuata kwa utulivu. Moli moja ya Na₂CO₃ ni gramu 106, hivyo B ina moli 0.05 kwa lita, na 25 cm³ zake zina moli 0.00125. Kila moli ya kabonati hula moli mbili za HCl, basi C iliyotumika ina moli 0.0025 ndani ya 24.55 cm³, ambayo ni moli 0.1018 kwa lita. Wengi huweka kalamu chini hapa, na swali linauliza A. A ilipunguzwa mara 10 asubuhi ile ile, kwa mikono yao wenyewe, kwa hiyo ni moli 1.018 kwa lita. Aliyefanya karatasi tano za aina hii kwa vitendo huikumbuka ile chupa ya 250 kwa sababu mkono wake uliitikisa; aliyezisoma tu hana cha kumkumbusha.

Kuna jambo moja ambalo karatasi za zamani haziwezi kumpa mtu, nalo ni jibu. Alama ya usahihi haitolewi kwa kulinganisha na kitabu. Mwalimu wa somo hufanya jaribio lile lile kwa solusheni zile zile za shule yake, thamani yake inatumwa pamoja na karatasi za watahiniwa, na anayeikaribia kwa 0.1 hupata alama nzima, kwa 0.2 nusu. Asidi iliyochanganywa shule moja haiwi sawasawa na ya shule jirani, hata maagizo yakiwa ni yale yale. Kwa hiyo aliyenong'onezewa namba kutoka kwingine anaandika kipimo cha asidi ambayo haimo katika bureti yake. Huyu mwingine, ambaye jioni nyingi alipimana na mwenzake kwa maji ya mfereji, anainama, jicho likiwa sawa na mbonyeo, na anaandika anachokiona.