Salamu Isiyosubiri Jibu: Uhakiki wa Ujumbe wa Makaribisho katika Biashara Ndogo

Katika programu ya WhatsApp Business, mwenye biashara anaweza kuandika ujumbe wa salamu unaojituma mteja anapoandika kwa mara ya kwanza, au anapoandika tena baada ya siku 14 za ukimya. Mashine haisomi alichoandika mteja. Sharti hilo la kiufundi ndilo kipimo cha kuhakikia matini ya aina hii.

Chukuliwe mfano wa fundi cherehani. Mteja anaandika saa mbili usiku: “Shikamoo. Mnashona suti za watoto?” Anajibiwa papo hapo: “Habari za asubuhi? Asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali tujulishe jinsi tunavyoweza kukusaidia.”

Sarufi ya matini hii haina dosari. Kasoro zake ni za kipragmatiki. Schegloff na Sacks (1973) walionesha kuwa baadhi ya semi huja kwa jozi, ya kwanza ikidai ya pili. “Shikamoo” hudai “marahaba”. Hapa imejibiwa kwa swali, na swali lenyewe halina wa kupokea “nzuri”. Kutaja asubuhi kunafichua kwamba msemaji hajui saa. Sentensi ya mwisho, ambayo muundo wake unanukia tafsiri ya Kiingereza, inamwomba mteja aeleze haja ambayo amekwisha kuieleza.

Neno linalostahimili mazingira haya ni “karibu”. Halitaji wakati wala umri, na linamfaa mgeni sawa na mteja anayerejea baada ya majuma mawili. Ingawa huweza kuitikiwa kwa “asante” au “starehe”, likikosa mwitiko mazungumzo hayakwami. Umoja wake pia una maana: “karibuni” huhutubia kundi, ilhali anayesoma ni mmoja. Kwa hiyo matini ingeweza kuandikwa hivi:

“Karibu kwa fundi wa nguo. Ujumbe wako umefika. Hili ni jibu la kujituma. Fundi mwenyewe atakujibu kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Ukipenda, tuma picha ya mshono unaoutaka.”

Matini hii haiulizi hali wala haja. Inathibitisha kupokewa kwa ujumbe, inataja saa za kutegemea jibu, na inakiri kuwa haikuandikwa wakati huo na mtu. Ombi la picha linafaa hata kwa mteja aliyekwisha kuuliza, kwa kuwa linaongeza taarifa badala ya kuirudisha nyuma.

Hata hivyo, “shikamoo” ya mteja bado inaning’inia. Kuingiza “marahaba” katika matini si suluhisho, kwani ingemfikia pia mzee ambaye hakuamkia, ikamfanya mdogo mbele ya fundi. Itikio hilo hutegemea kumjua aliyesalimu. Hivyo fundi anaposhika simu asubuhi, neno lake la kwanza halina budi kuwa “marahaba”, kisha bei ya suti.