Ombi la namba ya LPO: namna ya kulipima

Viwanda vya majani chai vya nyanda za Kisii na Nyamira, cha Itumbe kikiwa kimojawapo, huendesha boila zao kwa kuni, na mvuke wa boila ndio unaokausha majani. Kwa hiyo kando ya mkulima anayechuma chai yuko mtu mwingine anayekiuzia kiwanda kuni. Lori lake likifika uwanjani, kuni hupakuliwa, hupangwa, hupimwa kwa mita za ujazo, kisha karani hutia saini hati ya mzigo. Kuanzia hapo biashara yote inabaki kuwa ya karatasi. Mhasibu wa mnunuzi hulinganisha karatasi tatu: LPO iliyotolewa na ofisi ya ununuzi, hati ya mzigo, na ankara ya muuzaji. Zikikubaliana, malipo yanaandaliwa. Namba ya LPO ndiyo inayomwonyesha kwamba zote tatu zinahusu kazi moja, na ankara isiyo nayo huwekwa kando. Mara nyingi hakuna hata anayempigia muuzaji simu kumweleza.

Ndiyo maana ombi la kutumiwa tena namba ya LPO ni barua ya kila siku kwa wauzaji, na linafaa kutazamwa kwa makini kama kazi nyingine yoyote ya mkono. Mimi hulipima kwa swali moja: je, anayelipokea anaweza kulijibu papo hapo, bila kumuuliza mtu mwingine na bila kumrudia aliyeliandika?

Tazama ombi la kawaida:

"Habari za leo. Tunaomba mtutumie tena namba ya LPO kwani hatuwezi kushughulikia ankara bila namba hiyo. Tafadhali fanyeni haraka. Asante."

Lugha yake ni safi na adabu ipo. Lakini afisa wa ununuzi akilifungua asubuhi anajikuta na kazi ambayo si yake. Wauzaji wake ni wengi, na mmoja anaweza kuwa na LPO tatu kwa wakati mmoja: ya kuni, ya magunia, ya usafirishaji. Namba inayotakiwa ni ipi? "Tena" ina maana ilitumwa lini, na kwa nani? "Ankara" gani? Hana la kufanya ila kujibu "LPO ipi?", au kuliacha mpaka apate nafasi. Na hilo "fanyeni haraka" halimsaidii, kwa sababu halimwambii haraka ya nini wala mwisho ni lini.

Sasa tuseme muuzaji wa kuni jirani na Itumbe alipewa LPO mwezi Machi, ya mita za ujazo 120. Alitumiwa picha yake kwa simu, na pembe yenye namba haisomeki. Mwezi Mei amepeleka malori matatu na anataka kudai pesa yake. Ombi lake lililoboreshwa linaweza kusomeka hivi:

"Kichwa: Tunaomba nakala ya LPO ya kuni, mizigo ya tarehe 6, 8 na 13 Mei

Kwa Afisa wa Ununuzi,

Habari za asubuhi. Tunaomba nakala ya LPO ya kuni mliyotupa mwezi Machi, ya mita za ujazo 120. Picha tuliyopokea kwa simu haisomeki sehemu ya namba.

Mizigo tunayotaka kuitolea ankara ni hii: tarehe 6 Mei, hati namba 0417, mita 14, tarehe 8 Mei, hati namba 0418, mita 15, tarehe 13 Mei, hati namba 0421, mita 13. Jumla ni mita 42. Hati zote zimetiwa saini na muhuri uwanjani, na nakala zake tumeziambatisha.

Ofisi yenu ya uhasibu haipokei ankara isiyo na namba ya LPO, kwa hiyo bado hatujaitoa. Tukipata nakala kufikia tarehe 22 Mei, ankara itawafikia tarehe 23. Ikiwa mizigo hii iko chini ya LPO nyingine, tafadhali tujulisheni ni ipi."

Chini yake ni jina la muuzaji kama lilivyoandikwa kwenye LPO, na namba ya simu.

Uzuri wake wa kwanza uko kwenye kichwa. Afisa anayeisoma barua kwenye simu, kabla hata ya kuifungua, ameshajua anaombwa nini na kwa mizigo ipi. Kichwa kinachosema "Ombi" au "Muhimu sana" hakina kazi. Pia wiki mbili baadaye, mtu akitafuta neno "kuni" au tarehe ya mzigo katika barua pepe zake, barua hii itajitokeza.

Wa pili ni kwamba mzigo umetajwa kwa alama ambazo mnunuzi mwenyewe anazo. Muuzaji hukumbuka safari zake kwa dereva na kwa lori. Afisa wa ununuzi haoni dereva wala lori. Anachoweza kukifungua ni daftari la uwanja, na humo mna tarehe, namba ya hati na kipimo. Ombi likitumia hayo matatu, utafutaji ni wa dakika chache. Nimeona barua ndefu zenye historia nzima ya uhusiano wa muuzaji na kiwanda, na ndani yake hamna hata namba moja ya hati.

Jambo la tatu ndilo linalonipa hakika kwamba mwandishi anaijua kazi yake: ameomba nakala, hakuomba namba peke yake. Ukiomba namba, mtu atakusomea kwa simu au ataichapa haraka, na sifuri itageuka herufi O, au tarakimu mbili zitabadilishana nafasi. Baya zaidi, unaweza kupewa namba halali ambayo siyo yenyewe. Ofisi ya ununuzi ina namba nyingi zinazofanana kwa sura: ya kotesheni, ya zabuni, ya ombi la ndani lililotoka idara inayotaka kuni, ya mkataba. Karani aliye na haraka huchukua ile iliyo juu ya faili. Nakala inaonyesha jina lako, tarehe, kiasi na bei, na kosa linaonekana mara moja.

Nchini Kenya kosa hilo lina gharama ya ziada. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mfanyabiashara anayetaka gharama zake zikubaliwe katika hesabu ya kodi ya mapato anahitaji ankara iliyopitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato, isipokuwa kwa malipo yaliyosamehewa. Ankara ikishapita huko hairudishwi ikahaririwa. Ikiwa na kosa, unatoa hati ya kuipunguza au kuifuta, halafu unatoa nyingine. Kwa hiyo mwandishi wetu anayesema "bado hatujaitoa" amepanga kazi yake sawasawa: LPO kwanza, ankara baadaye. Anayetoa ankara bila namba akitumaini kuijaza kwa kalamu anajiletea hesabu mbili badala ya moja.

Tazama pia sababu ilivyowekwa. "Hatuwezi kushughulikia" ni shida ya muuzaji, na shida ya muuzaji inaweza kusubiri. "Ofisi yenu ya uhasibu haipokei" ni utaratibu wa nyumbani kwa msomaji mwenyewe, na anaujua. Hakuna lawama ndani yake. Picha isiyosomeka imetajwa kwa sentensi moja bila kumtaja aliyeipiga. Ikiwa aliyepoteza LPO ni muuzaji, aseme hivyo kwa ufupi ule ule: "Nakala yetu imepotea." Kuandika "hamkututumia" wakati ilitumwa ni kosa kubwa, kwa sababu afisa ataanza kwa kutafuta ushahidi wa kujitetea, na namba itangoja.

Barua iende kwa ofisi ya ununuzi, kwani ndiyo inayotoa LPO, na uhasibu wapate nakala. Baada ya kuituma si vibaya kupiga simu, kusema "Bwakire buya" na kuuliza kama imefika. Katika pande hizi simu ya Ekegusii hufungua milango. Lakini barua yenyewe lazima ijitosheleze, kwa maana anayeishughulikia anaweza kuwa mgeni kazini ambaye hajawahi kusikia jina lako. Tarehe ya mwisho nayo iwe na sababu ya kweli. Mwezi Juni sababu ipo wazi: viwanda vingi hufunga mwaka wa hesabu tarehe 30, na serikali za kaunti vilevile, hivyo mzigo wa Mei usio na ankara unaweza kuangukia mwaka mwingine na bajeti nyingine.

Kuna ombi ambalo hakuna uandishi utakaoliokoa: la muuzaji ambaye hakuwahi kupewa LPO. Aliambiwa kwa mdomo alete kuni, akaleta, sasa anaomba "atumiwe tena" kitu ambacho hakikuwepo. Utalitambua kwa ukimya wake: halitaji LPO ilitolewa lini, wala ilikuwa ya kiasi gani. Mtu huyo anahitaji barua tofauti, inayoeleza nani aliagiza, lini, na nani alipokea, na kuomba uongozi uamue. Asiombe LPO yenye tarehe ya nyuma, kwa sababu hiyo ni karatasi ya uongo na itawaumiza wote wawili mkaguzi akifika. Katika ofisi za umma hali ni ngumu zaidi: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inasema hakuna mkataba kati ya ofisi na mshindi wa zabuni mpaka uandikwe na kutiwa saini.

Turudi kwa muuzaji wetu, maana nakala imemfikia. Kabla ya kunakili namba analinganisha kiasi. LPO ni ya mita 120, mizigo ya Machi na Aprili aliyokwisha kuipeleka ilikuwa mita 84, imebaki 36. Yeye amepeleka 42. Amezidisha mita 6, jambo ambalo namba peke yake isingemwonyesha, na ankara ya mita 42 ingekwama kwa mhasibu ingawa namba ni sahihi. Njia iliyo safi ni kutoa ankara ya hati 0417 na 0418, mita 29, ambazo zinaingia zote ndani ya LPO. Hati 0421 yenye mita 13 inabaki nje kwa sasa, na barua ya pili inamwendea afisa yule yule: salio la LPO ni mita 7, mzigo ni mita 13, tunaomba mwongozo juu ya mita 6 zilizozidi.