Ile delay(20) Haikutibu Chochote

Waliokuwepo ukumbini siku ya kukagua miradi ya mwaka wa mwisho wanaijua dakika ninayoizungumzia. Kijana amesimama na mtambo wake wa kuendesha pampu ya tangi: Arduino Uno, rilei, swichi ya boya ndani ya ndoo, na waya wa mita 6 kutoka kwenye ndoo hadi mezani. Serial Monitor inamwaga sifuri na moja, na hakuna aliyeligusa boya. Msahihishaji akainama, akaitazama programu sekunde chache, akatoa hukumu: weka delay(20), pini inasomwa haraka mno. Kijana akaweka. Namba zikatulia, watu wakapiga makofi, alama zikaandikwa.

Uamuzi ule ulikuwa kosa. Mchoro wa saketi ulikuwa pale pale mezani na hakuna aliyeufunua. Angeufunua angeona mara moja: waya mmoja wa swichi umekwenda kwenye 5V, wa pili kwenye pini namba 2, basi. Boya likifunga swichi, pini inapata volti 5 na inasoma 1, hapo hakuna ubishi. Boya likifungua, pini haijaunganishwa na kitu chochote duniani. Imeachwa hewani na waya wake wa mita 6, halafu tunashangaa kwamba inasema mambo yake yenyewe.

Kazi nyingine ya kijana ilikuwa safi, rilei imewekewa diodi yake na lehemu imekaa vizuri.

Sasa turudi kwenye skrini, kwa sababu jibu lote lilikuwa limeandikwa pale. Kabla ya delay, programu ilikuwa inasoma pini na kuchapa bila kupumzika, kwa kasi ya 9600. Kila mstari ni herufi tatu: tarakimu yenyewe na alama mbili za kumaliza mstari. Kila herufi inabeba biti 10, kwa hiyo mstari mmoja unakula kama milisekunde 3.1. Na zile namba hazikuwa zimetawanyika ovyo. Zilikuja kwa makundi: sifuri tatu, moja tatu, sifuri tatu, mara chache nne. Makundi ya tatu kwa milisekunde 3.1 ni takriban milisekunde 10. Nusu ya mzunguko wa umeme wa hezi 50 ni milisekunde 10 kamili. Pini ilikuwa inasoma umeme wa ukutani.

Ndiyo maana delay(20) ilionekana kama dawa. Mzunguko mzima wa hezi 50 ni milisekunde 20. Ukisoma mara moja kila baada ya milisekunde 20, unalikuta wimbi mahali pale pale kila mara, na jibu linakuwa lile lile. Wimbi halijaondoka. Wewe ndiye umeanza kulitazama kwa mpangilio unaolificha. Na kwa kuwa programu ina kazi nyingine pia, mzunguko wake si 20 kamili, tuseme ni 20.1. Kila usomaji unateleza sehemu moja ya kumi ya milisekunde mbele ya wimbi, na baada ya usomaji 200 umelizunguka lote. Hiyo ni kama sekunde 4: sekunde mbili za sifuri, sekunde mbili za moja. Waliobaki baada ya makofi walisikia rilei ikigonga yenyewe huku ndoo imetulia. Hapo msahihishaji akashauri 40, ambayo ni mizunguko miwili ya umeme huo huo.

Anayetaka uthibitisho aandike delay(10). Usomaji mmoja utaangukia juu ya wimbi na unaofuata chini, na skrini itachapa 0, 1, 0, 1 kwa vipindi virefu kama saa ya ukutani. Au asubiri umeme ukatike mtaani, laptopu ikiwa kwenye betri: ghasia yote inanyamaza bila mtu kugusa programu. Hitilafu inayoondoka umeme ukikatika haikuwa ndani ya programu.

Kijana wangu, tulia nikueleze kilichomo ndani ya pini hiyo. Ingizo la chipu ya ATmega328P linafika kwenye geti la transista, na geti limetengwa na tabaka jembamba la oksaidi. Halinywi mkondo. Watengenezaji wanaahidi kwamba mvujo hauzidi maikroampea 1, na kwa kawaida ni mdogo kuliko hapo sana. Sifa hii ndiyo inayoifanya chipu itumie umeme kidogo, na hiyo hiyo ndiyo inayokutesa: kitu kisichonywa mkondo hakina cha kukishikilia, kwa hiyo chaji yoyote inayopita jirani inakisogeza. Kwa volti 5, chini ya volti 1.5 chipu inahakikisha kusoma 0, juu ya volti 3 inahakikisha kusoma 1. Katikati haikuahidi kitu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kapasitansi ya pikofaradi 1 tu kati ya waya wako na nyaya za volti 230 zilizo ukutani. Huo ni ujirani mdogo sana. Kwa hezi 50, pikofaradi 1 ni ukinzani wa kama gigaomu 3.2, na unapitisha nanoampea 70 hivi. Ni mkondo mdogo mno kuwasha kitu, lakini kwenye pini isiyonywa mkondo unatosha kuipandisha na kuishusha kutoka mwisho hadi mwisho, mara 50 kwa sekunde. Sasa weka rezista ya kiloomu 10 kutoka kwenye pini hadi 5V. Nanoampea 70 zile zile zikipita humo zinatikisa pini kwa milivolti 0.7. Kati ya milivolti 0.7 na zile volti 2 za kushuka kutoka 5 hadi kizingiti cha 3 kuna umbali ambao hakuna delay inayoweza kuununua.

Kwa nini isiwe waya mtupu badala ya rezista? Kwa sababu swichi sasa inahamia upande wa GND, na ikifunga, waya mtupu ungeunganisha 5V na GND moja kwa moja. Rezista ya kiloomu 10 inapitisha milliampea 0.5 tu swichi ikiwa imefungwa, na pini inashuka hadi sifuri bila shida. Ukiweka omu 100 utachoma milliampea 50 bure. Ukiweka megaomu 1, mvujo wa maikroampea 1 peke yake unaweza kukunyang'anya volti nzima, na waya mrefu unaanza tena kusikiliza ukuta.

Kizazi kilichojifunzia 8051 ya Intel, ile ya mwaka 1980, hakikuhitaji kuambiwa haya. Milango ya 1, 2 na 3 ilikuwa na vivuta vyake ndani, lakini mlango wa 0 ulikuwa hauna, na bila kuufungia rezista za nje ulikuwa hauandiki 1 hata ukiomba. Mtu alikutana na jambo hili wiki ya kwanza, kwa mikono yake. Kabla yao, Don Lancaster alikwisha kuwasisitizia wasomaji wa CMOS Cookbook ya 1977 kwamba kila ingizo la CMOS lazima liunganishwe mahali. Alijua anaongea na watu waliozoea TTL ya mfululizo wa 7400, ambako ingizo lililoachwa wazi lilisomeka 1 kwa sababu ya mkondo uliotoka ndani ya chipu yenyewe. Kinyume chake, maelezo ya Arduino ya randomSeed yanamfundisha mwanafunzi kusoma pini ya analogi isiyounganishwa ili apate namba ya bahati nasibu. Nimelilalamikia hilo hapa zamani na sitaacha, kwa sababu linamzoesha kijana kuamini kwamba pini iliyoachwa hewani ni jambo la kawaida linalozaa namba za ovyo, wakati mara nyingi inazaa hezi 50.

Kuna mtego mwingine ulioonekana siku ile. Mwenzake na kijana yule alileta multimita, akagusa pini, na ghafla skrini ikasoma 0 bila kuyumba. Akasema pini ni nzima. Multimita nyingi za kawaida zina ukinzani wa megaomu 10, na nanoampea 70 kwenye megaomu 10 ni volti 0.7, chini ya kizingiti. Multimita yenyewe ilikuwa imegeuka rezista ya kuvuta chini. Ukiona tatizo linaisha ncha ya multimita ikigusa na linarudi ukiiondoa, umekwisha kujua ugonjwa.

Dawa ya mradi huu ni hii. Toa waya wa swichi kwenye 5V, upeleke GND, kisha:

```
pinMode(2, INPUT_PULLUP);
bool tangiLimejaa = (digitalRead(2) == HIGH);
```

Mstari wa kwanza unawasha kivuta kilicho ndani ya chipu, kati ya kiloomu 20 na 50. Kwa kitufe kilichobandikwa kwenye bredibodi kinatosha kabisa. Kwa waya wa mita 6 unaopita kando ya waya wa pampu, mimi ningeongeza rezista ya nje ya kiloomu 4.7, maana mota inapowaka au kuzimwa hutoa misukumo ya kasi, na kapasitansi hupitisha misukumo ya kasi vizuri zaidi kuliko hezi 50. Panga boya lifungue swichi tangi likijaa. Panya akikata waya, pini itapanda juu na pampu itasimama, badala ya kumwaga maji usiku kucha.

Na ukihamia ESP32, angalia namba ya pini kabla ya kuamini neno INPUT_PULLUP. GPIO 34 hadi 39 ni za kuingizia tu na hazina kivuta cha ndani. Programu inaweza kuukubali mstari wako, na pini itabaki hewani kama mwanzo. Hapo rezista ya nje si hiari.

Ukimaliza, futa delay(20), kisha chomoa swichi kabisa upande wa ndoo na uache ncha mbili za waya wazi. Skrini ichape 1 tupu, hata ukiushika waya juu ya plastiki yake, hata taa na pampu ya jirani zikiwaka na kuzimwa. Gusanisha ncha, ichape 0. Ikipita hapo, mwite msahihishaji arudi aitazame tena, na safari hii umfunulie mchoro kwanza.