Vituo vya Tab katika ukurasa wa yaliyomo

Ukurasa wa yaliyomo unaoandaliwa kwa mkono katika Microsoft Word huharibika mara nyingi kwa sababu moja: mwandishi hupiga nukta moja moja kutoka kwenye kichwa hadi kwenye namba ya ukurasa. Katika fonti ya Times New Roman yenye ukubwa wa 12, kila nukta huchukua pointi 3, yaani takriban milimita moja. Namba basi husogezwa kwa hatua za milimita moja tu, ilhali vichwa vina urefu wa kila namna, kwa kuwa herufi “m” ni pana kuliko “i”. Hata mwenye subira kubwa hatafanikiwa kuzipanga namba zake zote kwenye mstari mmoja wa wima.

Dawa yake ni kituo cha Tab. Hiki ni mahali palipopimwa katika aya, ambapo maandishi huenda kusimama kitufe cha Tab kinapobonyezwa. Kituo cha kulia kina tabia yake: kinachoandikwa baada yake hukua kuelekea kushoto. Hivyo 4, 37 na 128 zote huishia palepale, na hata xii ya kurasa za mwanzo hukaa sawa nazo. Nukta hazichapwi, bali Word yenyewe hujaza nafasi iliyobaki.

Jambo la kwanza ni kujua kituo kiwekwe wapi, na jibu hutoka kwenye vipimo vya karatasi. Chukua tasnifu inayochapwa kwenye karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21. Pambizo la kushoto ni sentimita 4 kwa ajili ya kujalidi, na la kulia ni 2.5. Eneo la maandishi linabaki sentimita 14.5. Kwa kuwa Word hupima vituo kuanzia pambizo la kushoto, si ukingo wa karatasi, kituo huwekwa penye 14.5.

Aya zote za yaliyomo zikiwa zimechaguliwa, hufunguliwa dirisha la Paragraph, kisha kitufe cha Tabs. Katika Tab stop position huandikwa 14.5 cm; kuandika “cm” ni muhimu iwapo programu inapima kwa inchi. Alignment huwa Right, na Leader huwa chaguo la 2, lenye nukta. Kisha hubonyezwa Set na OK. Kila mstari sasa huandikwa kwa namna moja: “Tatizo la utafiti”, Tab mara moja, 4. Ni bora zaidi kuhifadhi mpangilio huu kama mtindo wa aya, ili pambizo likibadilika, kituo kirekebishwe mara moja kwa mistari yote.

Mstari ukikataa kukaa sawa, Ctrl+Shift+8 huonyesha alama zilizofichika. Kati ya kichwa na namba panatakiwa mshale mmoja tu. Mishale miwili maana yake Tab ilibonyezwa mara mbili, na namba huenda ikarukia mstari wa chini. Namba zikipangana vizuri lakini zikaishia karibu milimita 6 kabla ya ukingo wa aya za kawaida, yafaa kukagua karatasi: hati bado imewekwa Letter, yenye upana wa sentimita 21.59, ilhali hesabu ilifanywa kwa A4. Nukta nazo hufuata umbo la herufi ya Tab yenyewe. Kichwa cha sura kikikolezwa pamoja na Tab yake, nukta za mstari huo hutoka nzito kuliko za jirani zake, kwa hiyo ni vizuri kukoleza maneno tu.

Kichwa kirefu, kama “Mapitio ya Maandishi Yanayohusu Lahaja za Kaskazini na Kiunzi cha Nadharia”, hakiachwi kisonge hadi kwenye namba. Hukatwa kwa Shift+Enter mahali panapoleta maana, na Tab pamoja na namba hubaki mwishoni mwa mstari wa pili. Shift+Enter haianzishi aya mpya, hivyo kituo kinabaki kilekile.

Kituo cha Tab hupanga namba, lakini hakijui kama namba ni sahihi. Aya moja ikiongezwa katika sura ya kwanza, kurasa zote zinazofuata zinaweza kusogea huku yaliyomo yakibaki na namba za zamani. Hilo lina tiba isiyogusa mpangilio wa mkono. Kichwa cha sura huwekewa alamisho kwa Insert na Bookmark, kwa jina lisilo na nafasi, kwa mfano sura2. Mahali pa namba katika yaliyomo hubonyezwa Ctrl+F9, ambayo huleta mabano, na ndani yake huandikwa:

```
PAGEREF sura2
```

F9 hugeuza maneno hayo kuwa namba ya ukurasa. Kabla ya kuchapa hati, Ctrl+A kisha F9 husasisha namba zote zilizoandikwa kwa njia hiyo. Zile zilizopigwa kwa vidole hukaguliwa moja moja, baada ya masahihisho ya mwisho kuingizwa.