Stakabadhi, Ankara au Mkataba: Namna ya Kuitambua Hati kwa Sura Yake

Karatasi za biashara ziendazo kutoka Bunia hadi Nyankunde, mwendo wa kilomita zipatazo 45, siku hizi hutangulia zenyewe kwa picha ya simu. Kwani mtu aliyetumwa kununua mabati au saruji huipiga picha hati palepale juu ya meza ya duka, na karani aliyeko Nyankunde huwa ameipokea kabla mzigo haujapakiwa garini. Kabla ya kuiandika hati hiyo daftarini, karani hana budi kuamua jambo moja: je, karatasi hii yadai fedha, yashuhudia kwamba fedha zimekwisha pokewa, au yafunga ahadi baina ya pande mbili? Uamuzi huo waweza kufanywa na kompyuta, na njia yake si ngumu, mradi mtu asianze kwa kuutegemea mno ule mtaji wa wengine uliokusanywa mbali. Maana hazina mashuhuri ya picha za hati iitwayo RVL-CDIP, yenye picha 400,000 katika mafungu 16, ina fungu la ankara, lakini haina la stakabadhi wala la mkataba, na nyaraka zake ni za makampuni ya tumbaku ya Amerika.

Hati za Ituri zina tabia moja ya kuisaidia kazi hii. Aghalabu huwa ni vitabu vilivyochapwa kwa Kifaransa, vyenye nafasi tupu za kujazwa kwa kalamu, na nakala zake hutoka chini ya karatasi ya kaboni. Chombo cha kusoma herufi kama Tesseract husoma chapa vizuri ila mwandiko wa mkono hukishinda. Lakini kinachoitofautisha ankara na stakabadhi ni ile mifupa iliyochapwa, si nyama iliyojazwa na mwenye duka, kwa hiyo upungufu wa chombo haugusi kiini cha swali. Picha hunyoshwa kwanza, ili pembe nne za karatasi zirudi kuwa pembe mraba, na kivuli cha mkono huondolewa kwa kulinganisha kila sehemu na jirani zake badala ya kutumia kipimo kimoja cha weusi kwa ukurasa mzima. Kisha husomwa hivi:

```
tesseract picha.png matokeo -l fra --psm 11 tsv
```

Faida ya neno hilo la mwisho ni kwamba faili litokalo halileti maneno peke yake, bali kila neno hufuatana na mahali lilipo, yaani `left` na `top`, na ukubwa wake, na katika safu ya `conf` kiasi cha yakini ya msomaji, kutoka 0 hadi 100. Bila ya mahali, maneno hayo hayana manufaa makubwa. Stakabadhi ya malipo huweza kutaja neno `facture` katika mstari wa sababu ya malipo. Ankara huweza kusema kwamba imetolewa kufuatana na `contrat`. Na mwenye kuhesabu maneno tu atazichanganya zote tatu. Kwa hiyo neno la kichwa huhesabiwa tu likiwa katika theluthi ya juu ya ukurasa na herufi zake zikiwa ndefu kuliko za kawaida za ukurasa huo.

Baada ya herufi kuvuliwa alama zake na kushushwa kuwa ndogo, alama za kila aina ya hati ndizo hizi:

```
STAKABADHI = ["recu de", "la somme de", "pour acquit"]
ANKARA     = ["facture", "doit", "qte", "designation", "p.u.", "p.t."]
MKATABA    = ["entre les soussignes", "il a ete convenu", "article"]
```

Msomaji ataona kwamba nambari za usajili wa duka, `RCCM` na `Id. Nat.`, hazimo. Zimeachwa kwa makusudi, kwani zimo katika kichwa cha karatasi ya duka hata iwe ya aina gani, na kitu kilichopo kila mahali hakitofautishi. `TVA 16%`, kodi iliyoanza kutozwa Kongo mwaka 2012, huelekeza kwenye ankara ikionekana; isipoonekana haithibitishi lolote, maana wafanyabiashara wadogo hawaitozi.

Kosa moja la herufi husamehewa, ili `factvre` ihesabiwe kuwa `facture`. Lakini msamaha huo haufai kwa maneno mafupi. Neno `doit`, ambalo katika ankara hutangulia jina la mdaiwa, limepungukiwa na herufi moja tu kuwa `droit`, neno ambalo mikataba imejaa nalo. Tena mkataba wenyewe husema kwamba mpangaji `doit` kulipa tarehe fulani. Basi neno hilo lazima lisomwe kamili, na lazima liwe juu ya jedwali.

Tuchukue mathalani picha ya nusu karatasi. Juu imesomwa `FACTVRE`, kwa herufi zenye kimo maradufu ya nyingine. Chini yake `Doit`. Kisha `Qte`, `Designation` na `P.U.` katika mstari mmoja, ilhali `P.T.` imemezwa na kivuli. Tukitoa alama tatu kwa kichwa kilicho mahali pake na moja kwa kila alama nyingine, ankara imepata saba, stakabadhi sifuri, mkataba sifuri. Lakini kwa chini, kwa mshazari, pana mhuri wa zambarau ambao mashine imeusoma `PAVE` kwa yakini ya 31 tu, kwa sababu wino wake umelala juu ya mistari ya jedwali. Dawa yake ni kuitenga rangi: zambarau hubaki peke yake, hugeuzwa mpaka ilale sawa, husomwa upya, na sasa yatoka `PAYE`.

Hapa wengi huigeuza hati kuwa stakabadhi, nami naona si sawa. Sura ya hati na hali yake ni mambo mawili, na yafaa yaandikwe katika safu mbili: ankara, imelipwa. Mhuri hausemi zimelipwa kiasi gani, na huenda pembeni, kwa mkono usiosomeka, pameandikwa kwamba ni arubuni tu. Kinyume chake ni ankara ya awali, `pro forma`, yenye jedwali lilelile na safu zilezile, ambayo haidai hata senti; hiyo hutambuliwa kwa maneno yale mawili tu kandokando ya kichwa, na picha ikikatwa vibaya juu, hakuna hesabu itakayoiokoa.

Hati ya mauzo ya kiwanja ndiyo yenye kuleta ubishi wa kweli. Ndani yake muuzaji hukiri kwamba amepokea `la somme de` kadha wa kadha, na kama imeandikwa kwa ufupi, bila ya vifungu vyenye nambari, stakabadhi yaweza kushinda kwa alama. Kinachoamua ni sehemu ya chini ya ukurasa. Stakabadhi hutiwa sahihi na mmoja, yule aliyepokea. Mkataba huwa na `le vendeur` upande mmoja na `l'acheteur` upande wa pili, kwa kimo kimoja, na aghalabu `temoins` chini yao. Nafasi mbili za sahihi zilizokabiliana zapewa uzito kupita kichwa cha hati, kwani kichwa huandikwa na mtu mmoja apendavyo, ilhali sahihi ya pili haiwekwi ila na mwenye kufungwa na ahadi.

Zabaki karatasi za daftari la shule, zilizoandikwa kwa kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho, ambazo kwazo watu hukopeshana na kulipana. Hizo hazina mifupa ya chapa. Yakipatikana maneno yasiyofika kumi yenye yakini kupita 60, mashine isikisie, bali iipeleke picha kwa karani pamoja na jambo moja iwezalo kulipima bado: idadi ya mafungu ya wino chini ya mstari wa mwisho, na kama yamekaa ubavu kwa ubavu.