Bei ya Chini Yasema Nini? Uhakiki wa Istilahi za Kumkatisha Tamaa Mshindani

Miongoni mwa miswada iliyofika mezani petu ili istilahi zake zipitiwe, umo mmoja wa masomo ya uchumi wa viwanda. Mfasiri wake ni hodari, na Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo, sura inayohusu bei ya chini kama njia ya kumzuia mshindani asiingie sokoni inamwacha msomaji na fikra iliyo kinyume cha ile ya wenye nadharia. Tumeona yafaa tuihakiki hadharani, kwa sababu makosa yake si ya mfasiri huyu peke yake. Ni makosa ambayo sisi sote huyatenda tunapolitafuta jina kabla ya kulielewa jambo.

Tuanze na jambo lenyewe. Mwaka 1949 mwanauchumi Joe Bain alieleza kwamba kiwanda kilichotawala soko huenda kikauza kwa bei iliyo chini ya ile ambayo ingekipa faida kubwa kabisa, ili walio nje wasivutiwe kuingia. Hoja hiyo ilikuwa na pengo. Bei ya leo haimfungi mwenye kiwanda kesho. Mgeni akiingia, mwenyeji atapanga bei upya kwa kadiri ya hali mpya. Kwa nini basi mgeni aiogope bei ya leo? Jibu lililokubalika na wengi lilitolewa mwaka 1982 na Paul Milgrom na John Roberts. Walisema kwamba mgeni haiogopi bei. Anachokiogopa ni gharama za mwenyeji za kuzalisha mali, nazo hazioni. Bei anaiona. Basi huitazama bei ili akisie gharama.

Hapa ndipo tunapoikuta kasoro ya kwanza ya mswada. Mfasiri ameandika "gharama nafuu" mahali pengine akikusudia bei ya dukani, na mahali pengine akikusudia matumizi ya kiwanda. Ni mazoea yetu ya kila siku. Matangazo mengi ya biashara husema huduma hutolewa "kwa gharama nafuu" yakimaanisha bei. Katika mazungumzo hakuna anayedhurika. Katika nadharia hii hasara ni kubwa, kwa kuwa hoja yote imesimama juu ya tofauti ya vitu viwili: bei, iliyo wazi kwa kila mtu, na gharama, iliyofichika. Maneno hayo yakichanganywa, msomaji husoma kwamba bei ya chini inaonyesha bei ya chini, naye hujiuliza ni elimu gani hiyo. Pendekezo letu ni jepesi: bei ni kile anachotoa mnunuzi, na gharama ni kile anachotumia mzalishaji, bila kubadilishana hata mara moja.

Kasoro ya pili ni neno "dalili". Mfasiri anasema kwamba bei ya chini ni dalili ya gharama ndogo. Sasa, mawingu ni dalili ya mvua, na joto la mwili ni dalili ya homa. Wala wingu wala joto halikuchagua kuonekana. Bei huchaguliwa, na anayeichagua anajua kwamba anatazamwa. Kwa hiyo neno linalofaa ni "ishara", yaani kitu kinachotolewa na mtu ili mwingine akisome. Kutoka hapo swali la pili huja lenyewe, swali ambalo "dalili" isingeliamsha: je, anayetoa ishara aweza kudanganya?

Ili kulijibu swali hilo, natuchukue kiwanda cha kubuni cha sabuni, chenye tarakimu ndogo zilizochaguliwa kwa urahisi wa hesabu. Kwa bei ya shilingi 7 kinauza miche 3,000 kwa mwaka. Kwa shilingi 6, miche 4,000. Kwa shilingi 5, miche 5,000. Mgeni hajui kama kiwanda hiki ni cha aina ya gharama ndogo, yaani shilingi 2 kwa mche, au cha gharama kubwa, yaani shilingi 4. Mwenye gharama kubwa, akiwa peke yake, hupata faida ya juu kabisa kwa bei ya 7, nayo ni shilingi 9,000. Mwenye gharama ndogo huipata kwa bei ya 6, nayo ni shilingi 16,000.

Mchezo una miaka miwili. Mwaka wa kwanza mwenyeji hutangaza bei. Mwaka wa pili mgeni huingia au hukaa nje. Tuseme kwamba mgeni akiingia, mwenyeji wa gharama kubwa hubaki na faida ya 6,000, na wa gharama ndogo hubaki na 12,000. Mgeni mwenyewe hupata 2,000 akimkuta mwenyeji wa gharama kubwa, na hupoteza 1,000 akimkuta wa gharama ndogo.

Tuseme mwenyeji wa gharama ndogo anauza kwa 6, bei iliyo bora kwake. Mwenzake wa gharama kubwa akiiga bei hiyo atapata 8,000 badala ya 9,000. Amepoteza 1,000 mwaka wa kwanza, lakini mgeni akidanganyika na kukaa nje, mwaka wa pili atapata 9,000 badala ya 6,000. Kuiga kunamlipa. Basi bei ya 6 haiwezi kuaminiwa kuwa ushahidi.

Sasa mwenye gharama ndogo ateremke hadi 5. Kwake hasara ni ndogo: faida yashuka kutoka 16,000 hadi 15,000, na kwa kumweka mgeni nje huokoa 4,000. Wa gharama kubwa akiiga bei ya 5 atapata 5,000 tu, yaani amepoteza 4,000 ili aokoe 3,000. Hataiga. Atauza kwa 7, atajulikana, na mgeni ataingia. Sababu yaonekana wazi: bei ya chini huvuta wanunuzi zaidi, na kila mche wa ziada humgharimu mmoja shilingi 4 na mwingine shilingi 2. Ishara huaminiwa pale tu inapomuumiza mwongo kuliko mkweli.

Hali hiyo, ambamo kila aina ina bei yake na mgeni akiiona bei hutambua aina, ndiyo ambayo mswada unaiita "msawazo wa utengano". Nyingine ni ile ambamo aina zote mbili huuza kwa 6. Mgeni hajifunzi lolote kutokana na bei, naye hubaki na makisio aliyokuwa nayo. Ikiwa anaamini kwamba uwezekano wa gharama kubwa ni robo moja, tarajio lake ni robo ya faida ya 2,000, yaani 500, kutoa robo tatu za hasara ya 1,000, yaani 750. Tarajio ni hasara ya 250, hukaa nje. Akiamini kwamba uwezekano huo ni nusu, tarajio ni faida ya 500. Angeingia hata hivyo, na kwa hiyo mwenye gharama kubwa hana sababu ya kujinyima kwa kuuza kwa 6, na hali hiyo huvunjika. Mpaka ni theluthi moja. Hali hii ya pili mswada unaiita "msawazo wa ushirikiano".

Hili ndilo kosa zito kuliko yote. "Ushirikiano" humfanya msomaji aone viwanda viwili vilivyokula njama ya kupanga bei, jambo ambalo sheria za ushindani hulikataza na ambalo lina istilahi zake. Katika nadharia hii hakuna viwanda viwili vya wenyeji. Kiwanda ni kimoja, na "aina" mbili ni mawazo mawili ya mgeni juu ya kiwanda hicho. Mawazo hayashirikiani. Nalo neno "utengano" lafuata mkosi huohuo, kwani hudokeza watu walioachana.

Tulifikiria "msawazo wa kuchanganya" kwa hali ya pili. Neno hilo lavutia kwa kuwa mgeni kweli huchanganyikiwa, lakini wenye elimu ya michezo wanalihitaji kwa mbinu ambayo mchezaji huichagua kwa kubahatisha. Kwa hiyo tunapendekeza jozi inayoeleza zinachofanya aina zenyewe mbele ya macho ya mgeni: "msawazo wa kupambanuka" na "msawazo wa kufanana". Jozi hii yakubali pia hali ya tatu, ambamo aina moja huiga mara nyingine tu: "msawazo wa kupambanuka nusu".

Jozi ikiwa sahihi, matokeo ya nadharia husomeka bila kamusi. Katika msawazo wa kupambanuka mgeni huingia palepale ambapo angeingia kama gharama zingekuwa wazi. Bei ya chini haikumzuia mtu yeyote ambaye angepata faida, na mnunuzi amepata sabuni kwa 5 badala ya 6. Katika msawazo wa kufanana, mgeni ambaye angefaidika amebaki nje. Mnunuzi anapata nafuu ya shilingi moja mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili anamkuta mwenye gharama kubwa akiwa peke yake kwa bei ya 7. Anayeandika waraka kuhusu ushindani asipozitenga hali hizi ataishutumu kila bei ya chini, au ataisifu kila moja. Tena bei ya 6 pekee haimwambii yuko katika hali ipi. Hana budi kujua gharama, na makisio ya walio nje.

Limebaki jina la bei yenyewe. Mswada unaiita "bei kikomo". Neno ni zuri, lakini lina mwenyewe. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji hutangaza kila mwezi bei kikomo za mafuta ya petroli, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita. Huo ni ukomo uliowekwa na mamlaka kwa juu. Bei ya Bain huchaguliwa na muuzaji mwenyewe, kwa kuteremka. Mtumishi wa serikali akisoma "kiwanda kiliweka bei kikomo" atadhani kimetii amri. Wala "bei ya kuzuia" haitoshi, kwa kuwa kuzuia ni kazi ya leseni, ushuru na ukuta. Hapa mlango u wazi. Mgeni ndiye anayebadili nia. Twapendekeza "bei ya kukatisha tamaa", na tendo lenyewe "kumkatisha tamaa mwingiaji". Ni refu, lakini halidanganyi.

Tusimnyime mfasiri haki yake. "Mwenyeji" na "mgeni" kwa kiwanda kilichomo na kile kinachotaka kuingia ni maneno yake, nasi tumeyatumia humu bila kuyagusa, kwa kuwa hatukuona yaliyo bora. Mapendekezo mengine yatapelekwa katika kikao cha kusanifisha istilahi. Walimu watakaokuwa wamefundisha sura hii kabla ya kikao hicho watuandikie wanafunzi walikwama wapi, hasa katika neno "aina", ambalo bado tuna wasiwasi nalo.